Mporomoko Ambao Bado Hujauona

Anayefanya biashara ya sarafu au dhahabu mtandaoni huulizwa mambo mawili na yeyote anayefikiria kumkabidhi fedha zake: faida yako ni kiasi gani, na akaunti yako ilishawahi kushuka kiasi gani? Swali la pili ndilo zito. Faida ikichelewa mtu atasubiri, lakini akaunti ikishuka kupita kiasi wengi hukata tamaa na kuacha, au hukimbilia kuongeza dau ili warudishe hasara haraka, na hapo ndipo akaunti nyingi huungua.

Jibu la swali hilo kwa kawaida huwa namba moja. Mtu hufungua kumbukumbu zake, hutafuta kilele cha juu ambacho akaunti ilifika, hutazama ilishuka hadi wapi kabla ya kukivuka tena kilele hicho, kisha husema: mporomoko wangu mkubwa ulikuwa asilimia 4. Namba hiyo ni ya kweli, ila inaeleza yaliyotokea mara moja, kwa mpangilio mmoja wa faida na hasara. Biashara zilezile zingeweza kuja kwa mpangilio mwingine, na mporomoko ungekuwa mwingine kabisa. Ipo njia ya kupima jambo hilo, na haihitaji hesabu za chuo kikuu: unachukua matokeo yako ya nyuma, unayachota upya kwa nasibu mara nyingi, na kila mara unaandika mporomoko uliotokea.

Biashara kumi kwa mpangilio mmoja

Tuchukue mfano mdogo unaoweza kuhesabiwa kwa kalamu. Mtu ana akaunti ya shilingi 2,000,000. Kila anapoingia sokoni anakubali kupoteza shilingi 40,000 tu, na akishinda anapata mara mbili ya hizo, yaani 80,000. Amefanya biashara kumi. Ameshinda nne na kushindwa sita, na zilikuja hivi: faida, hasara, hasara, faida, hasara, faida, hasara, hasara, faida, hasara.

Tufuate akaunti yake. Ilipanda hadi 2,080,000, ikashuka kwa hasara mbili hadi 2,000,000, ikarudi 2,080,000, ikashuka 2,040,000, ikapanda 2,120,000, ikashuka tena hatua mbili hadi 2,040,000, ikarudi 2,120,000 na kuishia 2,080,000. Ameshinda mara chache kuliko alivyoshindwa, lakini amebaki na faida ya shilingi 80,000. Mporomoko wake mkubwa ni shilingi 80,000, na ulitokea mara mbili. Akiulizwa, atasema kwa dhati kwamba mfumo wake haujawahi kumshusha zaidi ya hapo.

Sasa tuandike kila tokeo kwenye kikaratasi chake, vikaratasi vinne vya faida na sita vya hasara, tuviweke kwenye bakuli na kuvitoa kimoja kimoja bila kuangalia. Tukimaliza vyote kumi tuna mpangilio mpya. Faida ya mwisho itakuwa ileile 80,000, kwa kuwa vikaratasi ni vilevile. Kinachobadilika ni njia ya kufika huko.

Kwa mfano mdogo kama huu hatuhitaji hata kubahatisha, kwa sababu mipangilio yote inahesabika. Faida nne na hasara sita zinaweza kupangwa kwa njia 210. Katika njia 45 mporomoko mkubwa ni shilingi 80,000, kama ule ambao mtu wetu aliupata. Katika njia 86 ni 120,000. Katika njia 54 ni 160,000, katika njia 20 ni 200,000, na katika njia 5 ni 240,000. Hizo tano ni zile ambazo hasara zote sita zinafuatana bila faida kuingia katikati: zikianza mwanzoni kabisa, au baada ya faida ya kwanza, ya pili, ya tatu, au zikija mwishoni.

Ukiziangalia namba hizo kwa pamoja, utaona kwamba mtu wetu alipata mpangilio mwororo kuliko yote. Hakuna njia hata moja yenye mporomoko mdogo kuliko wake, na katika njia 165 kati ya 210, yaani karibu nne katika kila tano, angeshuka zaidi ya alivyoshuka. Mtu akimuuliza mfumo wake unashusha kiasi gani, jibu la haki ni hili: mara nyingi shilingi 120,000 au chini yake, mara moja katika kila nane hivi hufika 200,000 au zaidi, na inawezekana kufika 240,000. Hilo ni jibu lenye upana, na upana huo ndio aliouhitaji tangu mwanzo.

Kurudisha kikaratasi ndani ya bakuli

Kuna namna mbili za kuchota, na zinajibu maswali mawili tofauti. Ile tuliyoifanya, ya kutoa kikaratasi na kukiweka pembeni, inauliza: yale yaliyotokea yangekuwaje kama yangekuja kwa mpangilio mwingine? Ya pili ni kutoa kikaratasi, kuandika kilichomo, kukirudisha ndani, kukoroga, kisha kutoa tena. Hapo kikaratasi kimoja kinaweza kutoka mara tatu na kingine kisitoke kabisa. Swali lake ni zito zaidi: kama biashara kumi zijazo zitatoka kwenye soko lenye tabia hii, zinaweza kuwaje?

Tofauti yake inaonekana mara moja. Katika namna ya kwanza faida ya mwisho haiguswi. Katika namna ya pili, unaweza kuchota hasara saba, nane au hata kumi. Kwa bakuli letu, nafasi ya kupata hasara saba au zaidi katika mchoto wa kumi ni kama asilimia 38, na hasara saba zinatosha kuiacha akaunti chini ya ilipoanza. Nafasi ya kupata hasara zote kumi ni ndogo, kama sita katika kila elfu, lakini ipo, na inaleta mporomoko wa shilingi 400,000. Mfumo uleule ambao kwenye kumbukumbu unaonekana wa faida, unaweza kumaliza duru ijayo kwa hasara zaidi ya mara moja katika kila tatu, pasipo jambo lolote kuharibika sokoni.

Aliyeiweka namna hii ya kurudisha kwenye misingi ya takwimu ni Bradley Efron wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika makala yake ya mwaka 1979. Wazo lake lilikuwa kwamba, pale usipoweza kurudi ulimwenguni kuchukua sampuli nyingine, sampuli uliyonayo inaweza kusimama badala ya ulimwengu, ukaichota upya mara nyingi ili uone makadirio yako yanayumba kiasi gani. Kazi ya kurudia bahati nasibu maelfu ya mara kwa mashine ilikuwa imeanza kabla yake, miaka ya 1940, kwa Stanislaw Ulam, John von Neumann na Nicholas Metropolis huko Los Alamos, nao waliiita kwa jina la mji wa kamari wa Monte Carlo. Ndiyo maana programu nyingi za biashara huonyesha kazi hii kwa jina hilo.

Kuifanya kwenye kompyuta

Biashara zikiwa 100 au 200, mipangilio haihesabiki tena kwa mkono, na bakuli halitoshi. Kinachotumika ni jedwali la kompyuta la kawaida. Andika matokeo yako kwenye safu ya A, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa kumi, hasara zikiwa na alama ya kutoa. Kisha, kwenye mstari wa kwanza, weka fomula hizi na kuziburuta hadi mstari wa kumi:

```
B1: =INDEX($A$1:$A$10,RANDBETWEEN(1,10))
C1: =SUM($B$1:B1)
D1: =MAX(0,$C$1:C1)
E1: =D1-C1
F1: =MAX($E$1:$E$10)
```

Fomula ya F1 haiburutwi, inakaa mahali pamoja. Safu ya B inachota tokeo kwa nasibu na kulirudisha, C inajumlisha, D inakumbuka kilele kilichofikiwa, E inatoa umbali wa kushuka kutoka kileleni, na F1 inakupa mporomoko mkubwa wa mchoto huo. Ukibonyeza F9, kila kitu kinachotwa upya na F1 inabadilika. Mwenye biashara 200 atabadilisha kila 10 kuwa 200.

Rudia mara 1,000, panga miporomoko hiyo kuanzia mdogo hadi mkubwa, kisha soma namba mbili. Ule wa 500 ni mporomoko wa kati: nusu ya michoto ilishuka chini ya hapo na nusu juu. Ule wa 950 ni mpaka ambao ni mchoto mmoja tu katika kila ishirini uliouvuka. Namba ya kwanza inakuambia cha kuzoea, na ya pili inakuambia cha kujiandaa nacho. Ule mkubwa kuliko yote usiutegemee sana, maana unatokana na mchoto mmoja na utabadilika ukirudia zoezi.

Hapa wengi huteleza. Wakiona namba zinayumba, huongeza marudio kutoka 1,000 hadi 100,000 wakidhani wanaongeza uhakika. Marudio hupunguza mtikisiko wa kuchota tu. Hayaongezi habari yoyote kuhusu soko, kwa sababu kilichomo bakulini ni kilekile. Mtu mwenye biashara 100 ambaye ameshinda 40 hana uhakika kwamba kiwango chake cha kweli ni asilimia 40, maana kwa idadi hiyo kinaweza kuwa popote kati ya takribani 30 na 50. Na kwa mfumo unaolipa mbili kwa moja, ukishinda chini ya moja kwa kila tatu unapoteza. Dawa ya hilo ni biashara nyingi zaidi za kweli.

Kutoka mporomoko hadi dau

Faida kubwa ya zoezi hili ni kuamua uhatarishe kiasi gani kila unapoingia sokoni. Tuurudie mfumo wetu wa kushindwa mara sita katika kila kumi, sasa kwa biashara 200. Hesabu ya uwezekano inaonyesha kwamba katika idadi hiyo, mfululizo mrefu zaidi wa hasara huwa kwa wastani kama tisa. Ni jambo la kutarajiwa kwa mfumo wenye afya, japo anayepita humo atahisi amelogwa.

Hasara tisa mfululizo zina maana gani inategemea dau. Mtu anayehatarisha asilimia 2 ya salio lake kila mara atashuka karibu asilimia 17, na ili arudi kileleni atahitaji faida ya asilimia 20. Anayehatarisha asilimia 5 atashuka asilimia 37 na atahitaji faida ya 59. Anayehatarisha asilimia 10 atashuka asilimia 61, na atalazimika kupata faida ya asilimia 158 ya kilichobaki ili tu arudi alipokuwa. Mfumo ni mmoja, soko ni moja, na mfululizo ni mmoja. Na huo ni mfululizo mtupu: mporomoko wenyewe huwa mkubwa zaidi, kwa sababu faida moja ikiingia katikati ya hasara nyingi haitoshi kuufuta.

Kwa hiyo hesabu inafanywa kwa kurudi nyuma. Anza na mporomoko ambao unaweza kuuvumilia bila kubadili mwenendo, tuseme asilimia 20. Kisha chota upya biashara zako kwa dau la asilimia 3, ukizidisha salio kila hatua badala ya kujumlisha shilingi, uone mchoto wa 950 umefika wapi. Ukivuka 20, punguza dau hadi 2, halafu 1, mpaka ukae ndani. Zingatia pia urefu. Ukitaka kujua mwaka ujao na huwa unafanya biashara 200 kwa mwaka, chota 200, kwa maana mporomoko mkubwa huongezeka kadiri safari inavyorefuka.

Hasara zinazovutana

Bakuli lina dhana moja iliyojificha: kwamba kila biashara haijui iliyotangulia. Kukoroga kunavunja uhusiano wowote uliokuwepo kati ya matokeo yaliyofuatana. Lakini mifumo mingi ina uhusiano huo. Mfumo wa kufuata mwelekeo wa soko hupata hasara kwa makundi pale bei inapotembea ubavu kwa miezi, kisha hupata faida kwa makundi mwelekeo unaporudi. Ukizikoroga hasara hizo na faida, unazitawanya, na mporomoko unaoupata unakuwa mdogo kuliko wa kweli.

Jambo hili linaweza kupimwa. Hesabu ni asilimia ngapi ya biashara zako zote ni hasara, kisha hesabu ni asilimia ngapi ya zile zilizokuja mara tu baada ya hasara ni hasara pia. Kama ya kwanza ni 60 na ya pili ni 75, na una biashara za kutosha, hasara zako zinavutana. Kipimo kingine ni kuulinganisha mporomoko wako wa kweli na michoto ya kupanga upya bila kurudisha: ukiwa mkubwa kuliko 950 kati ya 1,000, yaelekea mpangilio wako haukuwa wa bahati tu. Dawa yake, iliyoandikwa na Hans Künsch mwaka 1989, ni kuchota mafungu badala ya moja moja: unachukua biashara kumi au ishirini zinazofuatana kama zilivyo, kisha fungu jingine, hadi urefu utimie. Ndani ya fungu, uhusiano unabaki.

Anayeongeza dau maradufu kila baada ya hasara ana tatizo kubwa zaidi. Ukubwa wa kila tokeo lake unategemea lililotangulia, kwa hiyo kuchota shilingi zake kwa nasibu kunaondoa kitu kilekile kinachomhatarisha. Huyo lazima achote matokeo yakiwa na dau la kawaida, kisha aendeshe kanuni yake ya kuongeza upya ndani ya kila mchoto.

Kikaratasi ambacho hakimo

Mipaka mingine haitibiki kwa kuchota vizuri. Bakuli haliwezi kutoa kikaratasi ambacho hakikuwekwa ndani. Tarehe 6 Septemba 2011 Benki ya Taifa ya Uswisi ilitangaza kwamba haitaruhusu euro kushuka chini ya faranga 1.20. Kwa zaidi ya miaka mitatu waliouza na kununua jozi hiyo walikusanya kumbukumbu za hasara ndogo ndogo, na yeyote ambaye angezichota upya angeona miporomoko ya kustahimilika. Tarehe 15 Januari 2015 benki hiyo iliondoa kizuizi bila onyo, na ndani ya dakika chache euro ilishuka chini ya faranga 1.

Tuseme mtu alinunua kwa 1.2010 na kuweka kikomo cha hasara 1.1960, akijua anahatarisha pointi 50. Siku hiyo hapakuwa na wanunuzi kwenye bei ya kikomo. Kama oda yake ilifungwa kwa 1.0500, alipoteza pointi 1,510, yaani mara 30 ya alichokusudia. Kwa dau la asilimia 2, hiyo ni asilimia 60 ya akaunti katika biashara moja. Wateja wengi walibaki wanadaiwa, na dalali Alpari wa Uingereza alitangaza kufilisika siku iliyofuata. Kwa sababu hiyo wazoefu huandika kikaratasi kimoja au viwili kwa mkono, hasara ya mara 10 au 20 ya kawaida, na kuvitia bakulini kabla ya kuchota. Ni kukiri kwamba kumbukumbu ni fupi kuliko soko.

Angalia pia kilichoandikwa kwenye vikaratasi vyenyewe. Kumbukumbu za biashara zilizofungwa hazionyeshi ulivyoshuka wakati biashara iko wazi. Mtu ambaye hafungi hasara mpaka bei irudi ana vikaratasi vya faida pekee, na hakuna mchoto utakaomwonyesha hatari yake. Vilevile, matokeo ya jaribio la data za nyuma lililorekebishwa mara nyingi hadi likapendeza yatazaa miporomoko midogo, kwa sababu hasara zilishaondolewa kabla hazijafika bakulini.

Namba ya kuandikwa mapema

Kazi ya mwisho ya zoezi hili huanza baada ya mtu kurudi sokoni. Akaunti inaposhuka, hakuna anayejua papo hapo kama ni bahati mbaya ya kawaida au mfumo umekufa. Anayejua mporomoko wa kati na mpaka wa 950 ana kipimo. Akishuka hadi wa kati, hana sababu ya kubadili chochote, kwa kuwa nusu ya safari zilipita hapo au zaidi. Akiuvuka mpaka, amefika mahali ambapo ni safari moja tu katika kila ishirini ingemfikisha kama mfumo ungekuwa uleule, na hapo ni busara kusimama, kupunguza dau na kukagua kama soko limebadilika. Huenda ikawa ni bahati mbaya tu, ila gharama ya kusimama kwa wiki kadhaa ni ndogo kuliko gharama ya kuendelea na mfumo uliokufa.

Kanuni hiyo ina nguvu ikiandikwa kabla, pamoja na namba zake mbili na dau lililotokana nazo. Anayeitunga akiwa tayari ameshuka asilimia 25 atajiwekea mpaka wa 30, akifika 30 atausogeza hadi 40, na hakuna bakuli wala kompyuta itakayomzuia.